Wimbo wa benga kwenye mradi wa chuo: sekunde 22 zinazoruhusiwa na sekunde 45 zisizoruhusiwa

*Sisi ni wanafunzi wanne wa diploma ya uanahabari hapa Kisumu. Mradi wetu wa muhula ni video ya dakika nane kuhusu gitaa la benga. Wimbo mmoja uliorekodiwa 1971 unasikika sekunde 45 mwanzoni, sekunde 22 katikati tukieleza solo, na tena mwishoni chini ya majina yetu. Tumeweka pia picha mbili tulizotoa Google na kipande cha sekunde 50 cha habari za televisheni za miaka mitatu iliyopita. Wenzetu wanasema chini ya sekunde 30 ni bure bora uandike "hatuna nia ya kukiuka hakimiliki". Ni kweli? Ikishasahihishwa tunataka kuipakia YouTube.*

Si kweli, yote mawili. Ukisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Sura ya 130, kuanzia mwanzo hadi mwisho hutakuta sekunde 30, wala asilimia 10. Namba hizo zilitoka Marekani. Mwaka 1996 wadau wa elimu na wenye haki huko walikubaliana mwongozo wa miradi ya wanafunzi na walimu: wimbo usizidi asilimia 10 yake na kwa vyovyote usipite sekunde 30, filamu asilimia 10 au dakika tatu, kutegemea ipi ni ndogo. Mwongozo huo haukuwahi kuwa sheria hata kwao. Ulinakiliwa kwenye vijitabu vya maktaba, vijitabu vikanakiliwa kwenye tovuti, na leo unazunguka vyuoni kwetu kana kwamba Bunge liliupitisha.

Ile sentensi ya "hatuna nia" nayo haikingi kitu. Sheria inauliza kama umenakili kazi ya mtu bila ruhusa na bila kinga, haiulizi moyoni ulikuwa na nini. Mbaya zaidi, sentensi hiyo ni ushahidi kwamba mlijua kazi ni ya mwingine. Ifuteni.

Kinachowahusu nyinyi kimo katika Jedwali la Pili la sheria hiyo, ambako marekebisho ya 2019 yaliweka orodha ya mambo ambayo mwenye hakimiliki hawezi kuyazuia. La kwanza ni utendeaji wa haki, yaani kuitumia kazi ya mtu kwa kiasi na kwa namna isiyomdhulumu, kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki au tathmini, au kuripoti matukio ya sasa, na chanzo kitajwe. Hapa ndipo tunapotofautiana na "matumizi ya haki" ya Wamarekani mnayosoma mtandaoni. Kifungu chao cha 107 kinataja mifano, kufundisha kukiwemo, kisha kinamwachia hakimu apime mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo. Kwao mlango uko wazi kwa matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Orodha yetu imefungwa. Kama kazi mnayoupa wimbo haimo kwenye orodha, kuchukua sekunde chache hakuwaokoi. Na mtambue kwamba neno "kufundishia" halimo ndani ya orodha hiyo ya utendeaji wa haki.

Kuna kipengele cha shule ambacho walimu hupenda kukitaja: vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja. Lakini hicho kinahusu mkusanyo wa kazi za fasihi au muziki uliotayarishwa kutumiwa katika shule au chuo kikuu, mfano kitabu cha mashairi teule. Video ya mwanafunzi si mkusanyo wa namna hiyo, kwa hiyo msikitegemee.

Basi tuirudie video yenu kipande kwa kipande, tukianza na wimbo, kwa sababu ndio wenye mambo mengi.

Wimbo mmoja hubeba haki mbili zinazosimama mbalimbali. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, ambao ni wa mtunzi au warithi wake. Kuna rekodi, yaani sauti ile iliyonaswa studio, ambayo kwa kawaida ni ya mtayarishaji. Muda wake nao ni tofauti. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1971 ililindwa hadi mwisho wa 2021 na leo iko huru hapa Kenya. Watu wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tuseme alifariki 1998: melodia ileile mnayoisikia kwenye rekodi iliyo huru ina mwenyewe hadi mwisho wa 2048. Santuri imeachiliwa, wimbo haujaachiliwa. Kwa nyimbo za benga za enzi hiyo, hali hii ya nusu huru ndiyo mtakayoikuta mara nyingi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mtunzi ni nani na kama yu hai. Anzeni na lebo ya katikati ya santuri: jina la mtunzi mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo, na si lazima liwe jina la bendi.

Sasa zile sekunde 22 za katikati. Msimulizi wenu anaeleza solo, kwa hiyo wimbo ndio kitu kinachochunguzwa. Huo ni uhakiki, na sheria inautaja. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mnachukua kinachohitajika tu. Chezeni sekunde nane ambapo gitaa la solo linaingia, simamisheni, mwelekeze mtazamaji asikie nini, kisha chezeni sekunde sita tena aisikie akiwa anajua. Mkitaka kuonyesha jinsi kidole gumba kinavyofuata mdundo wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, wekeni sekunde chache za nyatiti halafu sekunde chache za gitaa, ili sikio lilinganishe. Wakati kipande kinacheza, andikeni chini ya skrini jina la wimbo, mtunzi, bendi na mwaka. Andikeni palepale, maana mtazamaji akifika mwisho wa video ameshasahau alisikia nini wapi.

Ujanja mmoja wa kujipima: zimeni sauti ya wimbo na msikilize simulizi peke yake. Kama simulizi inakosa maana, kwa mfano inasema "sikia nyuzi zinavyojibizana hapa" na hakuna cha kusikia, basi wimbo ulikuwa unafanya kazi ya ushahidi na mna hoja nzuri ya kuutetea. Kama simulizi inaendelea vizuri bila kupungukiwa, wimbo ulikuwa pambo.

Kwa kipimo hicho sekunde 45 za mwanzo hazisimami. Wimbo unapita chini ya picha za ziwa na boda boda, hakuna anayeuzungumzia, na kazi yake ni kumtia mtazamaji raha. Hiyo ndiyo kazi ambayo watengenezaji wa filamu humlipa mtunzi aifanye. Mwishoni chini ya majina yenu ni vivyo hivyo. Kwamba ni wimbo uleule uliohakikiwa katikati hakusaidii, kwa sababu kinga inafuata kazi ambayo kipande kinafanya mahali kilipo, haiufuati wimbo video nzima.

Mtasema, basi tutaupiga wenyewe. Kuupiga upya kunawaepusha na haki ya rekodi, ambayo kwenu imeshakwisha hata hivyo. Utunzi unabaki palepale, kwa hiyo mkipiga melodia ileile bado mnahitaji ruhusa ya mtunzi au warithi. Lakini mtindo wa benga hauna mwenyewe. Kasi yake, namna solo inavyojibizana na besi, kuongeza mwendo wimbo unapoelekea mwisho, hayo ni mali ya kila mwenye gitaa. Mtafuteni mwanafunzi mwenzenu anayepiga, atunge mstari wake mwenyewe wa sekunde 45, mrekodi kwa simu kwenye chumba chenye mapazia, na awaandikie sentensi moja kwamba amewaruhusu. Kwa video inayohusu gitaa, mimi ningeona hiyo ni bora kuliko wimbo wowote wa kuazima. Na kama mmemrekodi mzee anayepiga nyatiti, yeye pia ana haki juu ya upigaji wake: mwombeni aseme mbele ya kamera, kabla ya kuanza, jina lake na kwamba amekubali utumike kwenye mradi na mtandaoni. Sekunde kumi tu, na mkaihifadhi faili hiyo.

Njia nyingine ni muziki wenye leseni ya Creative Commons, lakini someni herufi zilizo kwenye leseni. CC BY inawaruhusu kutumia, kukata na hata kupata pesa, mkimtaja mtunzi. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo matangazo ya YouTube yakiwashwa mmejiingiza penye shaka. SA inataka kazi iliyotokana na wimbo itolewe kwa leseni ileile. Inayowanasa wengi ni ND, inayokataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Mtu hujiambia, mimi sijaubadilisha wimbo, nimeuweka ulivyo chini ya picha. Leseni hizo zinasema waziwazi kwamba kuoanisha muziki na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Wimbo wa CC BY-ND hauwezi kuwa muziki wa video mtakayoipakia mtandaoni, hata usipokatwa hata sekunde moja.

Mkipata wa CC BY, mstari wa kumtaja uwe na mambo matano: jina la wimbo, mtunzi, mahali mlipoutoa, leseni, na mlichobadilisha. Kwa mfano:

```
"Jina la wimbo" – Jina la mtunzi
Chanzo: anwani kamili ya ukurasa
Leseni: CC BY 4.0. Umekatwa hadi sekunde 45.
```

Tuje kwenye picha. "Chanzo: Google" si chanzo. Google ni dirisha tu, picha iko kwenye ukurasa wa mtu. Ibofyeni mpaka mfike ukurasa wenyewe, na kama ukurasa huo nao umeiokota, ipitisheni picha kwenye Google Lens mtafute iliyo kubwa zaidi na ya zamani zaidi. Kwa kawaida hiyo ndiyo iliyo karibu na mpiga picha. Anayemiliki ni mpiga picha au aliyemwajiri, si aliyepigwa. Mwanamuziki akiwaambia "picha hiyo ni yangu, tumieni", anaweza kuwa anazungumzia sura yake tu.

Hamkusema picha zenu zinaonyesha nini, lakini kwenye video ya namna hii huwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni kasha la santuri. Kama msimulizi anazungumzia kasha lenyewe, mavazi ya bendi, namna magitaa yalivyopangwa mbele, basi ni uhakiki na kasha linaweza kuonekana zima, kwa sababu huwezi kuhakiki nusu ya picha. Ya pili ni mpiga gitaa jukwaani, iliyowekwa ili skrini isibaki tupu. Hiyo ni pambo, na dawa yake ni ruhusa au picha nyingine. Wapiga picha wengi wa hapa Kisumu hukubali wakiulizwa vizuri, na ujumbe wa simu unatosha mradi uwe wa maandishi na useme mambo bayana:

"Habari yako. Sisi ni wanafunzi wa uanahabari, Kisumu. Tunaomba kutumia picha yako ya mpiga gitaa (tumeiambatisha) kwenye video ya mradi wa darasani ya dakika nane kuhusu benga. Itaonekana sekunde sita, jina lako likiwa chini yake. Video itasahihishwa chuoni kisha itawekwa YouTube bila matangazo. Ukikubali, tafadhali tujibu NDIYO na utuambie jina liandikweje."

Taja YouTube tangu mwanzo. Ruhusa ya kutumia darasani haivuki yenyewe kwenda mtandaoni, na kurudi kuomba mara ya pili baada ya video kusambaa ni aibu na mara nyingi ni gharama. Asipojibu, kimya si ndiyo, badilisheni picha. Kwenye Google Images mnaweza kuchuja kwa `Tools` > `Usage Rights` > `Creative Commons licenses`, lakini hakikisheni leseni kwenye ukurasa wenyewe, maana kichujio husoma alichoandika mwenye tovuti, na mwenye tovuti huenda aliiokota pia.

Sanamu au mchoro uliosimama mahali umma unapouona mnaweza kuupiga wenyewe na kuuweka kwenye video, sheria inaruhusu. Hiyo haina maana kwamba picha ya sanamu hiyo iliyopigwa na mwingine ni bure.

Kipande cha televisheni ndicho dhaifu kuliko vyote. Habari za miaka mitatu iliyopita si tukio la sasa, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Unabaki uhakiki: je, mnazungumzia namna televisheni ilivyoripoti benga? Kama ndiyo, chukueni sentensi ile ya mtangazaji mnayoijadili, sekunde saba au kumi, na mjadala wenu uanze papo hapo. Kama sekunde 50 zimewekwa ili kuonyesha umati ukicheza, ziondoeni, msimulizi aseme kilichotokea kwa maneno yake na ataje kituo na tarehe. Na msikate pembe ya picha ili nembo ya kituo isionekane. Naona wanafunzi wakifanya hivyo wakidhani wanapunguza kosa, kumbe ndio wanalizidisha: kinga yote imeegemea kutaja chanzo, na aliyeifuta nembo amejitoa mwenyewe kwenye kinga hiyo.

Sasa kuhusu wapi video inakwenda. Kumkabidhi mhadhiri faili kwenye flashi aitazame na kuisahihisha ni karibu sana na matumizi binafsi, na sijui mwenye haki ambaye angehangaika nayo. Kuionyesha ukumbini siku ya wazazi ni jambo jingine, huko ni hadharani. Hapo watu huniambia chuo kimelipia leseni ya muziki. Leseni ya kupiga muziki hadharani inamruhusu mtu kuupiga. Haimpi ruhusa ya kuushona kwenye video. Ruhusa hiyo hutoka kwa mwenye utunzi, na kwa mwenye rekodi kama rekodi bado inalindwa. Na kabla ya kumlipa yeyote anayesema anakusanya kwa niaba ya wanamuziki, angalieni kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kama chama chake kina leseni ya mwaka huo.

YouTube ina mambo yake. Mfumo wa Content ID hulinganisha sauti na picha zenu na faili ambazo wenye haki wamezikabidhi. Haujui uhakiki ni nini wala haujasoma Jedwali la Pili, kwa hiyo hata zile sekunde zenu halali za katikati zinaweza kunaswa. Isitoshe, rekodi ya 1971 iliyo huru Kenya inaweza kuwa bado ina mwenyewe Marekani: rekodi zilizotolewa huko tangu 1957 hadi katikati ya Februari 1972 zinalindwa hadi 2067. Kwa hiyo msishangae.

Pakieni video ikiwa `Private`, na msubiri hatua ya `Checks` imalizike kabla ya kubadilisha `Visibility`. Mkiona dai la Content ID, tulieni. Dai si onyo. Huenda mwenye haki akachukua mapato ya matangazo, au video ikazuiwa nchi fulani, lakini chaneli haidhuriki. Dai likiangukia sekunde 45 za mwanzo, msibishane, badilisheni muziki. Likiangukia kipande cha uhakiki, mnaweza kulipinga, na mdai ana siku 30 za kujibu. Kwenye kisanduku cha maelezo msiandike "ni kwa elimu tu". Andikeni dakika na sekunde kamili, kwamba hapo solo inachambuliwa na msimulizi, na kwamba mtunzi ametajwa kwenye skrini. Kinachotisha ni ombi rasmi la kuondoa video: hilo huleta onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 huweza kufunga chaneli. Kama mtatumia chaneli ya chuo yenye kazi za wanafunzi wa miaka iliyopita, fikirieni mara mbili kabla ya kung'ang'ania kipande ambacho hata nyinyi mnajua ni pambo.

Fanyeni faili mbili: ya kusahihishwa na ya mtandaoni. Ya kwanza ibaki na mifano yote ya uhakiki. Ya pili iwe na mstari wa rafiki yenu mwanzoni na mwishoni, solo ya sekunde nane na sita katikati, kasha likiwa na maelezo yake, picha ya jukwaani ikiwa na ruhusa, na sentensi moja ya mtangazaji au isiwepo kabisa. Kando yake wekeni folda yenye picha za skrini za kila ukurasa wa leseni zikiwa na tarehe, zile jumbe za NDIYO, na sauti ya mzee wa nyatiti akikubali. Kurasa za leseni hubadilika na simu hupotea, na dai linaweza kuja wakati mmeshamaliza chuo na hakuna anayekumbuka picha ilitoka wapi.